Jina la Mungu lililosomwa Anhoma

Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra waliotoka Iran wakahamia Gujarati, wana vitabu vya tafsiri na ufafanuzi wa Avesta viitwavyo Zand. Vimeandikwa kwa Kiajemi cha Kati na kwa hati ya Pahlavi. Muumini akikutana humo na jina la Mungu wake mkuu, Ohrmazd, huenda akalisoma Anhoma, na kwa karne nyingi makuhani walilisoma hivyo hivyo. Hawakuwa wazembe. Hati yenyewe inaruhusu.

Hati ya Pahlavi ilitokana na ile ya Kiaramu, yenye herufi 22, na husomwa kuanzia kulia kama Kiarabu. Kalamu za waandishi zilipozidi kwenda mbio, herufi zikaanza kufanana, hata katika vitabu yakabaki maumbo yapatayo 13 tu. Kijistari kimoja kifupi cha wima kinaweza kuwa wau, nuni, ree au aini. Alifu na he zina umbo moja. Jimu ya kutamkwa "g", dali na yee nazo zinafanana. Anayejua Kiswahili cha herufi za Kiarabu na afikirie waraka uliofutwa nukta zote, hata be, te na nuni zikawa kitu kimoja: hapo atakuwa amekaribia taabu ya msomaji wa Zand.

Sasa tulichukue jina lenyewe. Mwandishi alikusudia alifu, wau, he, ree, mimu, kisha zee na dali. Alifu na wau za mwanzo zinatoa "o", he na ree zinafuata, na irabu iliyo kati ya mimu na zee haiandikwi kabisa. Mtu aliyelisikia jina hilo tangu utotoni anasoma Ohrmazd bila kusita. Lakini kilicho karatasini ni umbo la alifu au he, kijistari, umbo la alifu au he tena, kijistari kingine, mimu, na mwishoni zee na dali zilizoungana kwa mkono wa haraka mpaka zikafanana na alifu. Kijistari cha kwanza ukikifanya nuni na cha pili wau, na ule mkia wa mwisho ukauita alifu, unapata a-n-h-o-m-a. Hakuna hata nukta moja iliyoongezwa wala kupunguzwa.

Kosa hilo likapata hata utetezi. Pahlavi ina desturi nyingine ya ajabu: maneno mengi huandikwa kwa Kiaramu na kutamkwa kwa Kiajemi. Mkate huandikwa kwa herufi za lahma ya Kiaramu, lakini msomaji hutamka nan. Kwa hiyo Anhoma ikaonekana kuwa neno geni mojawapo la namna hiyo, la kuandikwa hivi na kutamkwa Ohrmazd. Maelezo hayo yalipendeza mno, na nadhani ndiyo maana yaliishi hadi karne ya 19.

Kilichoyaangusha ni ushahidi wa nje ya hati hii. Katika maandishi ya mawe ya wafalme wa Kisasani herufi hazijaungana, na jina hilo linaonekana waziwazi likiwa na zee na dali mwishoni. Wafuasi wa Mani, waliokuwa na hati yao isiyo na utata kama huu, nao waliliandika hivyo. Tena ndani ya Zand kwenyewe kuna msaada. Chukua Vendidad, kitabu cha sheria za usafi, ambamo Zarathustra huuliza na Mungu humjibu. Nakala zake za kale zinazojulikana zaidi ziliandikwa na kuhani Mihraban Kaikhusrau katika karne ya 14. Humo sentensi ya Kiavesta hutangulia, kwa hati yenye alama zaidi ya 50 na irabu zote, kisha tafsiri inaifuata karibu neno kwa neno. Pale Kiavesta kinaposema Ahura Mazda ndipo lile umbo la mashaka linapotokea, na mashaka yanakwisha.

Tabu hasa iko mbele kidogo, tafsiri inapokoma na mfafanuzi kuanza kuongeza maneno yake. Anataja kwamba wako waliosema hivi na wako waliosema vile, na maneno hayo hayana mwenzake katika Kiavesta. Mmoja wa wafafanuzi wanaotajwa humo jina lake huandikwa alifu, herufi ya "p", lamu na herufi ya "g". Katika Pahlavi hiyo "p" inaweza kutamkwa "p", "b" au "f", na lamu hutamkwa pia "r". Mwingereza E. W. West, katika tafsiri zake za karne ya 19, alimwita Afarg. Wataalamu wa leo humwita Abarag, kwa kuwa kanuni za sauti za Kiajemi cha Kati zinaelekea huko. Herufi nne zile zile zinazikubali sauti zote mbili, na hapo hakuna mstari wa Kiavesta wa kuamua.