Barua Inayoeleza Kisichoonekana Kwenye Shorili

Mhariri wa video akifanya kazi yake vizuri, mtazamaji haoni alichofanya. Anamwona mama akisimulia, anaona mikono ikianika dagaa, anasikia mawimbi, basi. Hajui kwamba mama yule alizungumza kwa dakika 40, kwamba maneno yanayofungua filamu aliyasema mwishoni mwa mahojiano, wala kwamba picha ya mikono imewekwa pale ili kufunika mahali maneno yalipokatwa.

Hapo ndipo ilipo shida ya kijana anayetuma shorili, yaani video fupi ya sampuli za kazi zake, kwa kampuni ndogo ya kutengeneza filamu akiomba kazi. Shorili ya sekunde 60 hadi 90 inaonyesha matokeo. Namna matokeo hayo yalivyopatikana inabidi ielezwe na barua inayoambatana nayo, na barua nyingi hazielezi. Zinasema mwombaji ni mbunifu na mchapakazi, zinataja programu tano anazozijua, kisha zinaomba "nafasi yoyote itakayopatikana".

Tufikirie anayeisoma. Katika kampuni ya watu watatu au wanne pale Sinza au Mikocheni, inayoishi kwa matangazo mafupi na filamu za mashirika, hakuna afisa ajira. Anayesoma ni mwenye kampuni mwenyewe, ambaye mara nyingi ndiye prodyuza, ndiye mwongozaji na ndiye anayefuatilia malipo kwa wateja. Ataifungua barua kwenye simu, kati ya shughuli mbili, na swali lake la kwanza litakuwa hili: katika haya ninayoyaona, wewe ulifanya nini?

Swali hilo ni la haki. Picha nzuri ya bahari iliyopigwa kutoka angani ni kazi ya mpiga picha. Rangi huenda zilisahihishwa na mtu mwingine. Muziki unaokwenda mwanzo hadi mwisho wa shorili unaficha sauti za watu, hivyo haijulikani kama mhariri anaweza kusafisha mazungumzo. Hata mikato ya haraka inayofuata mdundo, ambayo vijana wengi huipenda, haimwambii mwenye kampuni kama mtu huyu anajua kumwacha msimulizi azungumze. Ndiyo maana naona ni busara shorili iwe na angalau sekunde 20 za mtu anayeongea, bila muziki, na barua ianzie hapo.

Tuchukue mfano wa kijana aliyehariri filamu fupi kuhusu wanawake wanaokausha dagaa ufukweni Kunduchi. Baada ya salamu kwa "Ndugu Mkurugenzi" na sentensi moja inayotaja kazi ya kampuni hiyo aliyoitazama, anaandika hivi:

"Sekunde 22 za kwanza zinatoka katika filamu ya dakika 6. Nilipokea video ghafi za saa tatu na nusu kutoka kamera mbili, na sauti iliyorekodiwa kando. Nilioanisha sauti na picha, nikaandika mahojiano yote neno kwa neno, kisha nikakata. Upepo ulikuwa umeharibu majibu ya mwanzo, kwa hiyo nimefungua filamu kwa jibu la mwisho, ambalo mama alilitoa akiwa ndani ya banda. Kamera na rangi si kazi yangu."

Aya hiyo ina sentensi tano tu, lakini inabeba mambo mengi. Saa tatu na nusu kuwa dakika 6 kunaonyesha ukubwa wa kazi ya kuchagua. Kuandika mahojiano neno kwa neno kunaonyesha subira, kwa sababu hapo ndipo mhariri anapogundua kwamba sentensi anayoihitaji ilisemwa mahali asipoitarajia.

Habari ya upepo ndiyo yenye uzito zaidi. Mngurumo wa upepo unakaa zaidi kwenye sauti nzito, na mhariri anaweza kuzipunguza sauti hizo bila kuumiza sana maneno. Lakini upepo ukiipiga maikrofoni kwa nguvu kupita uwezo wake, rekodi yenyewe inaharibika. Kwenye kompyuta unaona vilele vya mchoro wa sauti vimekatika bapa, na maneno yaliyopotea hapo hayarejeshwi kikamilifu kwa kichujio. Kijana huyu alilitambua hilo, akaacha kupigana na sauti mbovu, akabadilisha mpangilio wa hadithi. Mwenye kampuni akisoma hivyo anajua kwamba anaongea na mtu anayefanya maamuzi. Na ile sentensi ya mwisho, ya kukiri kwamba kamera na rangi ni za wengine, inamfanya aziamini zile nne za mwanzo.

Swali la pili la mwenye kampuni halionekani kabisa kwenye shorili: siku usipokuwepo, kazi itaendelea? Faili la mradi katika programu ya kuhariri halina picha ndani yake. Lina kumbukumbu ya mahali picha zilipo na maagizo ya wapi zikatwe. Mhariri akiacha nusu ya video kwenye diski yake na muziki kwenye folda ya vitu alivyopakua, miezi mitatu baadaye mteja anaomba jina lake lirekebishwe, mradi unafunguliwa, na kioo kinaandika `Media Offline`. Kwa hiyo sentensi moja kama "kila mradi nauweka katika folda moja, na video ghafi ninazihifadhi kwenye diski mbili" ina thamani kuliko sifa zote za ubunifu. Programu nayo itajwe ile anayoitumia kila siku, kwa kuwa mradi wa Premiere ukihamishiwa DaVinci Resolve mikato inaweza kuhama salama, huku maandishi na baadhi ya madoido yakipotea.

Barua nzuri inaweza kuharibiwa na linki. Video ya sekunde 90 yenye megabiti 10 kwa sekunde inafikia takriban megabaiti 112, wakati Gmail inaruhusu kutuma viambatisho vya megabaiti 25 tu. Lazima iwekwe mtandaoni. Kosa la kawaida ni kuiacha Google Drive bila kufungua ruhusa, msomaji anakutana na `Request access`, na mwenye haraka haombi. Dawa yake ni kuijaribu linki kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma. Ikiwekwa YouTube kama `Unlisted`, muziki uwe wenye kibali, maana wimbo wa msanii unaweza kutambuliwa na video ikazuiwa. Tangazo ambalo mteja hajalirusha lisiwekwe humo bila ruhusa yake. Kijana anayevujisha kazi ya mteja wa jana anamtisha mteja wa kesho.

Barua yenyewe iandikwe ndani ya barua pepe, aya tatu au nne, isiwe faili la kupakua. Mwishoni, badala ya nafasi yoyote, aombe kitu ambacho kampuni ndogo inaweza kukitoa: kazi moja fupi ya kulipwa, kwa siku anazozitaja. Aseme pia kama ana kompyuta yake, na kama inamudu video za 4K kwa kutumia nakala nyepesi wakati wa kukata. Kampuni nyingi za namna hii hazina mashine ya ziada, na mwenye kampuni aliyebakiza siku nne kukabidhi kazi anahitaji kujua hilo kabla hajapiga simu.