Siku ya kutoa kitabu: meza mbili, si moja



Mwenzetu mmoja, mwalimu kama mimi hapa Lubumbashi, aliandika kitabu chake cha kwanza: hadithi alizosikia kwa bibi yake. Alichapisha vitabu 100 kwa franka 600,000. Nusu ilikuwa akiba yake, na nusu alikopa katika likelemba yetu. Alipanga bei ya franka 10,000. Maana yake vitabu 30 vya kwanza vilikuwa vya kulipa deni.

Siku ya sherehe darasa lilijaa. Mwenzetu alikaa kwenye meza moja na kufanya yote: kupokea pesa, kutafuta za kurudisha, kuuliza jina, kuandika, kupiga picha na wageni. Jioni tulihesabu. Vitabu 48 vilikuwa vimetoka, lakini pesa zilikuwa za vitabu 23 tu. Vingine vilikwenda na ndugu na marafiki waliosema, "Nitakutumia kesho." Kesho hiyo haijafika. Mwandishi hawezi kumdai mtu anayemkumbatia.

Mama wa pili alipotoa kitabu chake, tulipanga namna nyingine.

Tulitenga meza mbili. Meza ya kuuzia tuliiweka karibu na mlango, na meza ya kutia saini mbele, mbali nayo. Mwandishi hakugusa pesa. Kwenye mauzo walikaa wamama wawili: mmoja apokee pesa, mwingine atoe kitabu na kuandika katika kaye. Anayelipa kwa simu alingoja mpaka ujumbe ufike kwenye simu ya mtunza pesa, ndipo apewe kitabu. Tulianza na franka 50,000 za kurudisha: noti tatu za 10,000 na noti nne za 5,000, kwa sababu wengi huja na noti ya 20,000. Dola iliyochanika, hata kidogo, hatukuipokea, maana hakuna atakayeipokea kwetu.

Vitabu vya bure vilihesabiwa kabla ya siku yenyewe: 8, kila kimoja na jina la mtu wake. Ndugu mwingine alipoomba cha bure, muuzaji alijibu kwamba vya zawadi vimekwisha. Jibu hilo likitoka kwa muuzaji, undugu hauvunjiki.

Usomaji tuliuweka kabla ya mauzo na kabla ya hotuba ndefu, watu wakiwa bado na masikio. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, na wamama wengi waliokuja wanasikia Kiswahili vizuri zaidi. Basi mwandishi alieleza kwanza kwa Kiswahili hadithi inahusu nini, kisha akasoma vipande viwili. Nyumbani alikuwa amevisoma kwa sauti mbele ya saa: kila kimoja dakika tano, karibu kurasa mbili. Cha mwisho alikikata pale msichana anapofungua barua ya baba yake. Aliyetaka kujua barua inasema nini alikwenda kwenye meza ya mauzo. Tulijua pia kwamba umeme unaweza kukatika, kwa hiyo viti vilisogezwa karibu ili sauti ifike bila mikrofoni.

Sasa mstari wa saini. Mara ya kwanza kila mtu alichukua dakika mbili au zaidi, kwa sababu ya kuuliza jina. Watu 50 ni dakika 100, na wengine huchoka na kurudi nyumbani. Kuna hatari nyingine: ukiandika Kasadi kwa mtu anayeitwa Kazadi, kitabu hicho kimeharibika na huwezi kukiuza tena. Safari hii muuzaji alimpa kila mnunuzi kikaratasi, akaandika mwenyewe jina la kuandikiwa, akakiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa ndani. Hapo ndipo pa kutia saini. Kwenye jalada linalong'aa wino wa biki hufutika. Binti mmoja alisimama kando ya mwandishi na kufungua vitabu. Picha zilipigwa baada ya mstari kwisha. Tulianza saa tisa mchana, na kabla ya saa kumi na moja wote walikuwa wamepata saini, kungali na mwanga wa kutafuta basi.

Jioni tulihesabu tena. Vilivyouzwa 51, vya bure 8, vilivyobaki 41: jumla 100. Pesa za mkononi na za simu pamoja zilikuwa franka 560,000. Tukitoa zile 50,000 za kuanzia, zinabaki 510,000, ndiyo bei ya vitabu 51 kamili. Mama huyu naye alikuwa na deni la franka 300,000, akalilipa usiku uleule mbele yetu.

Mwenzetu wa kwanza bado ana vitabu 52 nyumbani na deni la franka 70,000. Tumekubaliana kumwandalia usomaji mwingine. Safari hii hatakaa kwenye meza ya pesa.