Tanzania: Azimio la kazi, hesabu ya vipindi inayoamua mwanafunzi atafundishwa nini

Kila mwanzo wa muhula, mwalimu wa sekondari nchini Tanzania hutakiwa kuwasilisha azimio la kazi kwa mkuu wa idara au mwalimu wa taaluma, kisha kwa mkuu wa shule ili litiwe saini. Ni jedwali linaloonyesha mada zitakazofundishwa, wiki kwa wiki, pamoja na idadi ya vipindi, mbinu, zana, rejea, namna ya kuwapima wanafunzi na safu ya mwisho ya maoni. Mthibiti ubora anapofika shuleni, hati hii huwa miongoni mwa zile anazoziomba mapema.

Hata hivyo, azimio lenye saini na muhuri si lazima liwe azimio linalotekelezeka. Walimu wengi huligeuza kuwa kazi ya kunakili: muhtasari wa somo uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania hukatwa vipande, vipande vikagawiwa wiki, na jedwali likajaa. Madhara yake huonekana baadaye, pale darasa linapoingia katika upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili huku mada za mwisho zikiwa zimepitiwa mbiombio au hazikuguswa kabisa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili wa Kidato cha Pili anayejiandaa kwa muhula wa kwanza, ule unaoanza Januari. Takwimu zifuatazo ni za mfano, ila hesabu yenyewe ndiyo inayomkabili kila mwalimu. Ratiba ya shule inampa vipindi 4 kwa wiki, kila kimoja cha dakika 40. Sehemu ya muhtasari anayopaswa kuimaliza inahitaji vipindi 64: uundaji wa maneno 20, ufahamu 12, fasihi simulizi 16 na uandishi 16. Kalenda inaonyesha wiki 20. Anagawa 64 kwa 4, anapata wiki 16, na anaridhika kwamba amebakiwa na wiki 4 za akiba.

Akiba hiyo haipo. Wiki 2 ni za likizo fupi ya katikati ya muhula. Wiki 1 ni ya majaribio ya katikati, na wiki 2 za mwisho ni za mitihani ya kufunga muhula. Wiki ya kwanza nayo huishia katika usafi, ugawaji wa vitabu na kusubiri ratiba kamili. Zinabaki wiki 14, yaani vipindi 56. Kisha zipo sikukuu: Pasaka, Idi, siku ya Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi. Ikiwa tatu tu kati yake zitaangukia siku zenye kipindi cha Kiswahili, vinabaki 53. Mwalimu mwenye busara hutenga vingine 5 kwa ajili ya kusahihisha majaribio pamoja na wanafunzi na kurudia yaliyowashinda. Hivyo vipindi halisi vya kufundishia mambo mapya ni 48, na pengo ni vipindi 16.

Kupunguza bila kukata

Njia rahisi ni kupunguza kila mada kwa kiwango sawa, na ndiyo njia mbaya zaidi, kwa sababu mada hazilingani. Uundaji wa maneno, kwa mfano, hujengwa hatua kwa hatua. Mwanafunzi asiyetambua mzizi wa neno hawezi kufuata mnyambuliko wa vitenzi. Ufahamu, kwa upande mwingine, unaweza kufundishwa ndani ya mada nyingine.

Mwalimu wetu anaweza kuteua vifungu vya habari vyenye vitenzi vingi vilivyonyambuliwa, akavitumia vifungu hivyohivyo kufundishia uundaji wa maneno. Kwa njia hiyo, vipindi 8 kati ya 12 vya ufahamu havihitaji tena nafasi ya peke yake. Katika fasihi simulizi, kazi ya kukusanya hadithi, vitendawili na methali kutoka kwa wazee inaweza kupangwa ifanyike wakati wa likizo fupi. Hapo vinaokolewa vipindi 4. Kwa kufanya hivyo, mada hiyo inalazimika kuwekwa mara baada ya likizo na si kabla yake. Vipindi 4 vilivyobaki vinapatikana kwa kuhamishia aina moja ya uandishi, tuseme risala, katika muhula wa pili, na uhamisho huo uandikwe wazi katika azimio ili usisahaulike.

Linabaki suala la uandishi wenyewe. Kwa desturi huwekwa mwishoni mwa muhula kama bonge moja, na kwa kuwa muhula huchelewa daima, ndio unaoliwa. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anayeandika insha nne ndani ya wiki tatu hapati nafasi ya kujifunza kutokana na makosa ya insha ya kwanza. Ni afadhali vipindi 12 vilivyobaki vitawanywe, kimoja kila wiki kuanzia wiki ya pili ya ufundishaji. Jedwali halitapendeza macho, kwa kuwa kila mstari utakuwa na mada mbili, lakini hata muhula ukikatika ghafla, darasa litakuwa limekwisha kuandika.

Mstari mmoja wa jedwali

Kosa la pili halionekani katika idadi ya vipindi, bali katika safu za mbinu na upimaji. Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024 kwa awamu, unamtaka mwalimu aanze na umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya, badala ya orodha ya mada. Maneno katika vichwa vya safu yamebadilika. Yaliyomo ndani ya safu mara nyingi yamebaki yaleyale.

Chukua mnyambuliko wa vitenzi, uliopewa vipindi 6 katika wiki mbili. Katika maazimio mengi safu ya mbinu husema “majadiliano katika vikundi”, na safu ya upimaji husema “maswali na majibu”. Siku ya jaribio, swali huwa: taja kauli za mnyambuliko na utoe mfano mmoja wa kila kauli. Mwanafunzi anakariri kutendwa, kutendea, kutendana, kutendeka na kutendesha. Anapata alama zote. Kisha katika insha anaandika “nimemsomia bibi barua”.

Azimio lililofikiriwa huanzia upande wa kulia wa jedwali. Mwalimu anajiuliza kwanza ni kazi gani itakayomthibitishia kwamba mwanafunzi ameelewa. Inaweza kuwa hii: mwanafunzi apewe vitenzi sita ambavyo havikutumika darasani, avinyambue katika kauli ya kutendea, avitungie sentensi, na aeleze kwa nini tunasema pikia, fungia na pandia, ilhali tunasema somea na chekea. Jibu liko katika irabu ya mzizi: penye a, i au u kiambishi huwa -i-, na penye e au o huwa -e-. Anayeandika “somia” au “chekia” hajaiona kanuni hiyo, hata kama amezitaja kauli zote kwa ufasaha.

Upimaji ukishajulikana, mbinu hujipanga yenyewe. Wanafunzi hawapewi kanuni. Wanapewa kifungu cha habari, wanaorodhesha vitenzi, wanavigawa katika makundi mawili kwa sauti zake na kuigundua kanuni. Vitenzi vya mkopo kama samehe na fikiri, ambavyo havimaliziki kwa -a, vinaachwa hadi kipindi cha tano, kanuni ya msingi ikishakaa.

Hapa pia hesabu inahitajika. Darasa la wanafunzi 70 likigawanywa katika vikundi 10, na kila kikundi kikawasilisha kwa dakika 4, dakika zote 40 zimekwisha kabla hakijafanyika chochote kingine. Azimio lenye uhalisia huandika kwamba vikundi viwili vitawasilisha na vinane vitalinganisha majibu yao na yale yaliyo ubaoni. Vivyo hivyo katika usahihishaji: insha 70, kwa dakika 5 kila moja, ni takriban saa sita, na mwalimu mwenye mikondo miwili anahitaji karibu saa kumi na mbili. Akiandika katika safu ya upimaji kwamba kila wiki kutakuwa na insha itakayosahihishwa, ameandika jambo asiloweza kulitimiza. Insha mbili kamili kwa muhula zinawezekana. Wiki nyingine mwalimu husahihisha aya moja tu, au wanafunzi hubadilishana madaftari kwa kufuata vigezo vilivyoandikwa ubaoni.

Safu inayosahaulika

Safu ya maoni ndiyo inayotofautisha azimio lililofanya kazi na lile lililokaa kabatini. Neno “imefundishwa”, likirudiwa kwa wino uleule kutoka juu hadi chini, linaonyesha kuwa safu imejazwa siku moja kabla ya ukaguzi. Maoni yenye manufaa huandikwa kila Ijumaa, na husema mathalani: vipindi 2 kati ya 3 vimefundishwa, wengi bado wanaandika “somia”, kurudiwa Jumatatu, kipindi kimoja kitolewe katika akiba.

Ipo dalili nyingine, rahisi kuigundua. Idi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na Pasaka nayo huhama. Azimio linaloonyesha Idi katika wiki ya mwaka jana limenakiliwa, na aliyelinakili hakuihesabu kalenda aliyonayo. Maazimio yanayouzwa au kusambazwa kwa simu yana kasoro hiyohiyo: hayajui shule ina vipindi vingapi, darasa lina watu wangapi, wala vitabu vinagawanywa kwa wanafunzi wangapi. Na azimio lililotungwa Kenya halihamishiki Tanzania kwa kubadilisha jina la shule pekee, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Kenya una mihula mitatu na ule wa Tanzania una miwili.

Azimio zuri haliongezi walimu wala madawati. Linalowezekana ni kuzuia hasara isiyo ya lazima, hasa mwalimu anapohamishwa, anapougua au anapokwenda likizo ya uzazi katikati ya muhula. Anayechukua nafasi yake katika wiki ya tisa hulifungua jedwali. Akikuta “imefundishwa” mara nane, itambidi aanze kwa kulijaribu darasa ili ajue liko wapi, na katika vipindi 48 hilo linaweza kumgharimu vitatu au vinne. Akikuta kwamba risala imehamishiwa muhula wa pili, kwamba vipindi 3 vya akiba bado vipo, na kwamba vitenzi vya mkopo havikueleweka katika mkondo wa pili, ataanza kufundisha siku hiyohiyo.