Kugawa Trapeza Nusu kwa Nusu: Kwa Nini Mstari Haupiti Katikati

Chukua shamba lenye pande mbili sambamba zisizolingana: upande wa barabarani una mita 170, wa mtoni una mita 70, na kutoka barabarani hadi mtoni ni mita 120. Umbo hili ni trapeza, na zile pande mbili sambamba ndizo vitako vyake. Ndugu wawili wamerithi shamba hilo na wanataka kuligawa sawasawa kwa mpaka mmoja ulionyooka, unaokwenda sambamba na barabara. Mpaka upite wapi?

Wengi watapima mita 60 kutoka barabarani, nusu ya njia, na kupigilia vigingi hapo. Mpaka huo utakuwa na mita 120, yaani wastani wa 170 na 70. Sasa tupige hesabu ya eneo: jumla ya vitako viwili, gawa kwa 2, zidisha kwa kimo. Wa barabarani atapata mita za mraba 8,700, na wa mtoni 5,700. Mmoja amemzidi mwenzake kwa mita za mraba 3,000, ingawa kamba ilipita katikati kabisa. Sababu ni kwamba shamba ni pana zaidi barabarani, kwa hiyo kila hatua upande huo hubeba ardhi nyingi kuliko hatua moja karibu na mto. Mpaka wa haki lazima usogee kuelekea barabarani.

Usogee kiasi gani? Fikiria kwamba ile mipaka miwili ya ubavuni imerefushwa kuvuka mto mpaka ikakutana. Sasa kuna pembetatu kubwa yenye kitako cha mita 170, na ndani yake pembetatu ndogo yenye kitako cha mita 70. Zina umbo moja, zinatofautiana ukubwa tu. Maumbo ya namna hii yana kanuni: kitako kikiongezeka mara 2, eneo huongezeka mara 4, kitako kikiongezeka mara 3, eneo huongezeka mara 9. Maana yake, eneo hufuata kipeo cha pili cha kitako.

Tuhesabu vitako kwa makumi, yaani 7 na 17. Pembetatu ndogo ina mafungu 49, kwa kuwa 7 mara 7 ni 49. Kubwa ina mafungu 289. Shamba lenyewe ni tofauti yao, mafungu 240, na kila ndugu anastahili 120. Anza na pembetatu ndogo ya mafungu 49, ongeza fungu la ndugu wa mtoni, 120, upate 169. Namba inayojizidisha yenyewe ikaleta 169 ni 13. Mpaka basi una urefu wa mita 130.

Kwa ufupi: jumlisha vipeo vya pili vya vitako viwili, gawa kwa 2, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Namba hizi 7, 13 na 17 zina historia. Waandishi wa Mesopotamia, katika Iraki ya leo, walizitumia kwenye mabamba ya udongo kugawa trapeza kwa namna hii hii. Bamba moja la zamani sana lenye mchoro huo lilipatikana Nippur, na lina umri wa zaidi ya miaka 4,000.

Turudi shambani. Kutoka barabarani hadi mtoni upana unapungua kwa mita 100. Kufikia mpaka wetu umepungua kwa mita 40, yaani sehemu mbili kati ya tano. Kwa hiyo mpaka uko mita 48 kutoka barabarani. Wa barabarani ana wastani wa upana wa mita 150 mara 48; wa mtoni ana mita 100 mara 72. Kila mmoja ana mita za mraba 7,200 kamili.

Kupigilia vigingi ni rahisi: pima kila ubavu, kisha weka kigingi sehemu mbili kati ya tano kutoka kona ya barabarani. Ikiwa kila ubavu una mita 130, kigingi kinakaa mita 52 kutoka kona. Halafu vuta kamba kati ya vigingi viwili. Isipotimia mita 130, kuna kipimo kilichokosewa, au barabara na mto havikuwa sambamba. Hilo la pili lichunguzwe mapema kwa kupima umbali kati ya vitako mahali pawili, kila mara kwa pembe mraba. Majibu yakitofautiana, umbo si trapeza na kanuni hii haifai.

Warithi wakiwa watatu, njia ni ile ile: yale mafungu 240 yatoe 80 kwa kila mmoja. Ongeza 80 kwenye 49, kisha 80 tena, upate 129 na 209. Vipeuo vyake vinatoa mipaka miwili, ya mita 113.6 na 144.6 hivi.