Bomba la mita 6.5 ndani ya kontena la futi 20

Mabomba ya chuma yanayosafirishwa kwa meli mara nyingi hukatwa kwa urefu wa mita 5.8. Sababu yake ni kontena. Kontena la futi 20 likipimwa kwa nje lina urefu wa mita 6.06, lakini ukiondoa unene wa ukuta na mlango, ndani hubaki takriban mita 5.90. Upana wa ndani ni kama mita 2.35 na kimo 2.39. Bomba la mita 6 likilazwa sambamba na ukuta, mlango haufungi.

Likilazwa kimshazari, mambo hubadilika. Sakafu ya kontena ni mstatili, na ulalo wake, yaani mstari wa kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, huigawa katika pembetatu mbili zenye pembe mraba. Kwa kanuni ya Pithagora, 5.90 mara yenyewe ni 34.81, na 2.35 mara yenyewe ni 5.52. Jumla ni 40.33, na kipeuo chake cha pili ni 6.35. Bomba la mita 6 linaingia, na nafasi inabaki.

Je, la mita 6.5? Sakafuni halienei. Lakini kontena lina kimo pia, na ncha moja ya bomba inaweza kuinuliwa. Hapo Pithagora hutumika mara ya pili. Nguzo ya kona imesimama wima, kwa hiyo hufanya pembe mraba na kila mstari uliochorwa sakafuni, ukiwemo ule ulalo wa mita 6.35. Ulalo wa sakafu na nguzo ni pande mbili za pembetatu mpya, na upande wake wa tatu hutoka kona ya chini hadi kona ya juu iliyo mkabala nayo kabisa. Kimo, 2.39 mara yenyewe, ni 5.71. Ukijumlisha na 40.33 unapata 46.04, ambayo kipeuo chake ni 6.79. Huo ndio mstari mrefu kuliko yote unaoweza kunyooshwa ndani ya kontena hilo.

Kwa ufupi, kila kipimo huzidishwa kwa chenyewe, matokeo matatu hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Kosa la kawaida ni kujumlisha vipimo kwanza. Anayefanya hivyo hupata 10.64, urefu wa kutembea kwa kufuata kingo tatu. Ulalo sahihi lazima uwe mrefu kuliko upande mrefu zaidi na mfupi kuliko jumla ya pande zote tatu. Jibu likitoka nje ya mipaka hiyo, kuna kosa mahali.

Hata hivyo, hesabu hii huchukulia bomba kuwa halina unene. Mzigo wenye upana wa sentimita 10 ukilazwa kimshazari sakafuni hauwezi kufika mita 6.35, mwisho wake ni karibu 6.28, kwa kuwa ncha zake pana hugusa kuta kabla ya kufika konani. Isitoshe, ulalo hupokea mabomba machache tu, ilhali yale ya mita 5.8 hupangwa sambamba hadi uzito unaoruhusiwa utimie.

Ncha ya bomba la mita 6.5 iinuliwe kiasi gani? Zidisha 6.5 kwa yenyewe upate 42.25, toa 40.33, ibaki 1.92. Kipeuo chake ni karibu 1.39. Ncha moja ikiwa konani sakafuni, nyingine itaegemea kona ya mkabala kwa kimo cha mita 1.39. Isipofungwa imara itateleza safarini na kugonga mlango.

Kufunga nako kunahitaji kipimo. Kila mahali ndani ya kontena panaweza kutajwa kwa namba tatu kuanzia kona moja ya chini: umbali kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Hayo ndiyo majira ya nukta. Tuseme pete ya kufungia iko kwenye (1.00, 0.20, 0.10), na sehemu ya juu ya mzigo iko kwenye (2.20, 1.10, 2.10). Tofauti zake ni 1.20, 0.90 na 2.00. Ni sanduku dogo la kuwaziwa, na mkanda unaonyooka kati ya nukta hizo ndio ulalo wake: 1.44 na 0.81 na 4.00 hufanya 6.25, na kipeuo chake ni mita 2.5 kamili. Ukianza kutoa kwa nukta ya pili au ya kwanza, jibu ni lilelile, maana namba hasi ikizidishwa kwa yenyewe huwa chanya.

Mita 2.5 hizo ni za mkanda ulionyooka hewani, bila kugusa chochote. Ukipinda juu ya ukingo wa mzigo, kila kipande kilichonyooka hupimwa peke yake, kisha huongezwa urefu wa kuingia kwenye kikazio.