Ukumbi Umejaa, Hewa Inatoka Wapi?

Kumbi nyingi za harusi za Dar es Salaam na Mombasa hufungwa madirisha, viyoyozi vya ukutani vikawashwa, na wageni wakaamini kwamba wanaletewa hewa mpya. Sivyo. Kiyoyozi cha aina hiyo huvuta hewa iliyomo ndani, huipoza na kuirudisha humo humo. Ubaridi upo, lakini hewa ni ile ile iliyokwisha kupita kwenye mapafu ya wengine.

Chukua ukumbi wa watu 400, wenye meta za mraba 300 na dari ya meta 5. Mtu mzima aliyeketi hutoa takriban lita 18 za hewa ukaa kwa saa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za hewa ukaa katika kila milioni. Ukumbi huo ukifungwa kabisa, baada ya saa moja kiwango kitapita 5,000. Hewa ukaa ya kiasi hicho si sumu ya kumwangusha mtu. Inachotuonyesha ni wingi wa pumzi za watu zilizobaki ndani, pamoja na jasho, harufu na vijidudu vya mafua au kifua kikuu.

Kanuni ya ASHRAE, chama cha wahandisi chenye makao Marekani, hudai kwa kumbi za viti angalau lita 2.5 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu, na lita 0.3 kwa kila meta ya mraba. Kwa ukumbi wetu ni lita 1,090, na hewa ukaa itatulia karibu na 2,250. Kwangu hiyo ni haba. Ukitaka 1,000 hivi, kiwango alichokipendekeza Max von Pettenkofer kule Munich katika karne ya 19, mpe kila mtu lita 8: jumla 3,200.

Kupoza hewa yote hiyo yenye unyevu wa pwani ni ghali, na ni hasara tupu siku ya kikao cha watu 60. Ndipo kinapofaa kihisi cha hewa ukaa. Feni huanza na lita 90 za sakafu, kwa ajili ya harufu za rangi na zulia. Kipimo kikipanda kutoka 600 kuelekea 1,000, nayo huongeza kasi. Watu wakiinuka kucheza ngoma hupumua zaidi, na kihisi hulitambua hilo bila kuhesabu vichwa.

Kifungwe usawa wa pua ya aliyeketi, mbali na mlango na tundu la hewa safi, la sivyo kitasoma 500 huku watu wanasinzia. Kila baada ya miezi kadhaa kitolewe nje: kisiposoma karibu na 420, kirekebishwe. Hakioni moshi wa jenereta, hivyo tundu la kuvutia hewa liwe mbali nayo.

Nawe unayekodi ukumbi, kabla ya kulipa mwombe mwenyewe akuonyeshe hewa ya nje inapoingilia.