Zima WPS kwenye ruta yako

Geuza ruta ya nyumbani usome kibandiko chake. Mara nyingi, mbali na nenosiri la waifai, utakuta PIN ya tarakimu nane. Ni ya WPS, njia ya kuunganisha printa au simu bila kuandika nenosiri.

Tarakimu nane zingeleta michanganyiko milioni 100. Lakini mwishoni mwa 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua PIN kwa vipande viwili, na hukujulisha mapema kama kipande cha kwanza si sahihi. Kwa hiyo mdukuzi hubahatisha tarakimu nne za mwanzo: majaribio 10,000 tu. Kipande cha pili kina 1,000, kwani tarakimu ya nane hukokotolewa kutokana na zile saba. Jumla ni 11,000. Kila jaribio likichukua sekunde tatu, yote huisha kwa saa tisa hivi.

Akiipata, ruta yenyewe humkabidhi nenosiri, hata liwe refu namna gani. Ukilibadilisha, PIN ileile itampa jipya.

Kitufe kina nafuu, ila kikibonyezwa mlango hubaki wazi kama dakika mbili, na mgeni yeyote sebuleni anaweza kukibonyeza.

Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1, tafuta WPS, chagua Disable, kisha badilisha nenosiri. Baadhi ya ruta za zamani ziliendelea kupokea PIN hata baada ya kuzimwa hivyo; hizo dawa yake ni programu mpya ya mtengenezaji, au ruta nyingine.